Vaibresheni ya simu imekuwa hafifu: ni setingi, ni kava au mota yenyewe?

"Habari fundi. Nina Samsung hizi za A, sasa ni mwaka wa tatu. Nauza nafaka Makambako, duka langu limepakana na mashine ya kusaga kwahiyo ringtoni siisikii kabisa, nategemea vaibresheni simu ikiwa kwenye mfuko wa aproni. Mwezi mzima huu imekuwa hafifu, mara ipo mara haipo, wateja wanalalamika sipokei. Natumia kava la pochi, lile la kuweka na hela. Fundi wa hapa ananiambia bodi imekufa niandae hela. Ni kweli?"

Salama kabisa dada. Hela ya bodi usiitoe kwanza. Siwezi kukuapia bila kuishika hiyo simu, ila ile sehemu ya bodi inayoendesha vaibresheni ikifa kwa kawaida inakufa moja kwa moja, haikai mwezi mzima inaenda na kurudi. Tabia ya kuja na kuondoka mara nyingi ni kitu kinachogusa na kuachia, au mota imechoka, au kuna setingi inajiwasha na kujizima bila wewe kujua. Alafu juu ya hayo kuna hilo kava lako, nalo tutalifikia. Shida ni kwamba hivi vitu vinaweza vikakaa viwili vitatu kwenye simu moja, mtu anarekebisha kimoja haoni tofauti, anasema basi ni bodi.

Kwahiyo anza na kipimo kimoja cha bure ambacho kitakugawia hili tatizo vipande. Kwanza zima Power saving kama umeiwasha. Pili ingia Settings, Sounds and vibration, Vibration intensity, vuta slaida zote mpaka mwisho wa kulia. Tatu toa simu kwenye kava, iwe uchi kabisa. Alafu fungua pale unapopigia namba uandike hivi:

```
*#0*#
```

Hubonyezi kitufe cha kijani, ukishaweka reli ya mwisho inafunguka yenyewe, unaona viboksi vingi vimeandikwa RED, GREEN, BLUE, RECEIVER, VIBRATION na vinginevyo. Bonyeza VIBRATION. Simu inatakiwa itetemeke mfululizo bila kukata mpaka uguse skrini ndo inyamaze. Kuna Samsung chache hiyo kodi haifunguki, hizo unatumia app ya Samsung Members, kuna sehemu ya Diagnostics, ndani yake kuna kipimo cha Vibration. (Kwa wenye Redmi na Xiaomi wanaosoma hapa, yenu ni *#*#6484#*#* mnatafuta Vibrator. iPhone haina kodi ya hivyo, ninyi ingieni kwenye ringtoni pale Sounds & Haptics mchague mtindo wa mtetemo, ukiugusa unacheza palepale.)

Kipimo hiki ni kizuri kwa sababu hakipitii WhatsApp, hakipitii ringtoni, hakiulizi umeweka Do not disturb au hujaweka. Kinaiambia mota fanya kazi, basi. Na kwa vile yako inaenda na kurudi, usikifanye mara moja ukaridhika. Kifanye asubuhi simu ikiwa ya baridi, kifanye mchana ikiwa imekaa mfukoni imepata joto, kifanye ukiwa umeisimamisha na ukiwa umeilaza. Hata ukianza kikiwa kizuri, gusa skrini kisha anza tena, mara kadhaa mfululizo, maana mota inayochoka inashindwa pale kwenye kuanza, ikishaanza kuzunguka inaenda tu vizuri kana kwamba haina shida.

Kitu kingine, ishike mkononi, vidole vimeizunguka. Usipimie mezani. Watu wengi wanaweka simu mezani wakisikia kelele wanasema iko poa, wakiikosa kelele wanasema imekufa. Ile kelele ya mezani ni simu inapigana na mbao, sio nguvu ya mota. Simu ileile ukiivisha kava la raba itanyamaza mezani wakati mota haijapungua hata chembe. Mkono haudanganywi hivyo.

Sasa majibu. Kama kwenye kipimo inatetemeka kwa nguvu kila mara bila kusita, mota ni nzima na bodi ni nzima, fundi wako atakuwa amekisia, na tatizo liko kwenye setingi au kava. Kama inatetemeka kinyonge, au inakwaruza, au leo ndio kesho hapana, hapo tunaongelea mota na migusano yake. Kama kimya kabisa kila mara, ndo tunafungua na kupima, na hata hapo bodi inakuja mwisho kwenye orodha.

Nianze na setingi maana ndo rahisi. Ndani ya Sounds and vibration kuna swichi ya Vibrate while ringing. Ikizimwa hiyo, simu ikiwa kwenye hali ya sauti italia tu bila kutetemeka, na wewe kelele za mashine zinameza mlio unabaki hujui kitu. Hii ndo inawaponza wengi, maana simu ikiguswaguswa bila wewe kujua inaweza kuhama kutoka hali ya Vibrate kwenda Sound, kwahiyo mtu anaona asubuhi ilikuwa inatetemeka mchana haitetemeki. Yaani kabisa ile mara ipo mara haipo, na hakuna kilichoharibika. Iwashe hiyo swichi uiache.

Hapohapo kuna Call vibration, ni ule mtindo wa mtetemo wa simu inayoingia. Chagua Basic call au wowote wenye vipande virefu. Sababu ni kwamba mota za simu za bei ya kati kushuka ni za kuzunguka, na mota ya kuzunguka inahitaji muda kidogo ifike kasi yake, kama sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Ukiipa mtindo wa vipigo vifupivifupi inakatwa kabla haijashika kasi, unahisi kama kuna mdudu anatembea mfukoni. Mtetemo mrefu unaipa nafasi ya kufika juu. WhatsApp nayo ina yake, ndani ya WhatsApp ingia Settings, Notifications, utakuta Vibrate sehemu ya meseji, ya magrupu na ya simu, kila moja ina Off, Default, Short na Long. Weka Long kwenye simu na meseji, wateja wako nahisi wengi wanapigia huko huko. Na kama ni WhatsApp peke yake haitetemeki huku simu za kawaida zinatetemeka, usihangaike na mota hata kidogo, ingia Settings ya simu, Notifications, tafuta WhatsApp uangalie kila kundi la taarifa kama Vibrate imewashwa. Samsung zilizopata sasisho za karibuni zimeficha hayo makundi, inabidi kwanza uingie Notifications, Advanced settings, uwashe Manage notification categories for each app.

Do not disturb iangalie kama imewekewa ratiba, kuna watu waliwahi kuiweka saa za kulala wakasahau. Power saving nayo kwenye simu nyingi za Android inabana mtetemo, angalau ule wa kugusa skrini, na kama umeiweka ijiwashe chaji ikishuka basi utaona jioni simu imenyamaza ukidhani ni mota. Na kama unavaa saa ya kisasa iliyoungwa na simu, kuna setingi inayonyamazisha simu taarifa zikienda mkononi. Hujasema una saa kwahiyo hilo tuliache.

Sasa kava. Hapa ndo nakaa kidogo maana la kwako ni la pochi tena lina hela ndani. Mota ya mtetemo ni kidude kidogo sana, zile za duara kama kifungo zina upana wa milimita 8 au 10 na unene wa kama milimita 3. Ndani kuna kizito upande mmoja kinazunguka, kasi yake ni kama mizunguko 200 kwa sekunde moja, na kwa vile kizito kipo upande mmoja kinaivuta simu nzima huku na huku. Sasa kidude hicho kina nguvu ileile siku zote, ila kinachobadilika ni mzigo. Simu nyingi za sasa ni gramu 180 mpaka 210. Tuseme yako ni 200. Ukiivisha kava la pochi, ukaweka vitambulisho viwili, noti, na sarafu kadhaa maana duka halikosi chenji, unafika gramu 300 bila kujua. Mota ileile inayotikisa gramu 300 badala ya 200 inazisogeza kama theluthi mbili tu ya mwanzo. Yaani theluthi nzima ya mtetemo imekwenda kabla hata hatujazungumzia ulaini wa lile kava.

Na ulaini wenyewe unachukua sehemu yake. Raba, ngozi na sponji iliyo ndani ya kava la pochi vinabonyea na kurudi, kila vikibonyea vinakula mtetemo. Kava jembamba la plastiki gumu linaupitisha karibu wote kwa sababu linaikamata simu linatetemeka nayo. Alafu angalia unavyobeba. Pochi likifungwa, kuna kile kipeto cha mbele chenye kadi na hela, kama hicho ndo kinagusa tumbo lako basi kati ya simu na wewe kuna hela, kadi, ngozi, kitambaa cha aproni na gauni. Geuza, mgongo wa simu uje upande wa mwili.

Jaribio la kava ni hili. Mwambie mtu akupigie ukiwa umeshika simu uchi, tulia uisikilizie kwa mkono. Alafu ivishe kava likiwa tupu, apige tena. Alafu rudisha hela na vitambulisho, apige mara ya tatu. Kama uchi ni nzuri na inashuka hatua kwa hatua, kava lina kesi. Kama hata uchi ni hafifu, kava linaongeza tu maumivu, chanzo kiko ndani. Kwa maelezo yako mimi nahisi utakuta vyote viwili, maana kava peke yake halina mara ipo mara haipo, lenyewe linapunguza siku zote kwa kiwango kilekile. Kioo cha kulinda skrini hakihusiki, usikitoe.

Tuje ndani sasa. Kabla ya kumpa fundi, kuna vitu unaweza ukavisikia mwenyewe bila kufungua chochote. Washa tena kile kipimo cha VIBRATION, simu mkononi, ikiwa inatetemeka bonyeza mgongo wake kwa dole gumba taratibu, anzia chini pale karibu na tundu la chaji, panda kidogo kidogo mpaka juu. Usikandamize kwa nguvu, kadri ya kubonyeza kengele inatosha. Ukipata sehemu ambayo ukibonyeza mtetemo unazinduka unakuwa mkubwa, na ukiachia unashuka au unakata, umempata mwizi. Hapo kuna mgusano haukazi. Simu nyingi mota yake haijachomelewa kwa risasi, ina vijisprini viwili vidogo vinavyoegemea kwenye vidoa vya rangi ya dhahabu juu ya bodi ndogo, na kinachovikandamiza ni zile skrubu za bodi na mfuniko wa plastiki wa ndani. Skrubu moja ikikosekana, au mfuniko haujabana, sprini inagusa leo kesho haigusi.

Hapo nina swali kwako, simu hiyo ilishawahi kubadilishwa sistimu ya chaji? Nauliza kwa sababu ya kazi yako. Unga unajaa kwenye tundu la chaji, simu inaanza kuchagua waya, watu wanapeleka kubadilisha sistimu, na kwenye simu nyingi bodi ndogo ya chaji ndo hiyohiyo iko jirani na mota au ndo inayoipa mota umeme. Fundi akirudisha skrubu nne badala ya sita simu inachaji vizuri tu, mteja anaondoka anafurahi, vaibresheni inaanza kusumbua wiki mbili baadaye hakuna anayeunganisha hayo mambo. Kama jibu ni ndiyo, na hasa kama shida ilianza baada ya hapo, anzia hapo. Unga wenyewe kuingia ndani ya mota ni vigumu maana mota imefungwa ndani ya kikopo cha bati, kwahiyo usiulaumu unga moja kwa moja. Unyevu ni habari nyingine. Jasho la mfukoni na simu kumwagikiwa maji vinaweka kutu kwenye vile vidoa, na kutu kidogo tu inatosha kuzuia umeme.

Sikiliza pia sauti. Mota nzima ina muungurumo mzito ulio sawasawa. Ikiwa unasikia mkwaruzo wa bati au kitu kinagongagonga, na mkono unahisi kidogo kuliko sikio linavyosikia, mara nyingi mota imebanduka kwenye gundi yake, inacheza ndani ya kitako chake badala ya kuitikisa simu. Hii inatokea sana simu ikianguka. Nguvu ipo ila inapotelea kwenye kelele. Dawa yake ni gundi au stika mpya ya kubandika, mota haibadilishwi. Na kama ukianzisha kipimo ni kimya, ukiigongesha simu kiganjani inaamka inaenda vizuri, hiyo ni mota imechakaa. Ndani ya mota ya kuzunguka kuna vibrashi viwili vyembamba vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na sehemu hiyo imegawanywa vipande. Kipande kimoja kikilika au kikiungua, mota ikisimama bahati mbaya brashi ikaangukia hapo, haianzi. Ukiigonga inasogea kidogo, brashi inapata kipande kizima, inawaka. Ndo maana nikakwambia uanzishe na kuzima mara kadhaa. Mota hii haitibiwi, inabadilishwa.

Nikupe mfano wa simu iliyokuja mezani kwangu, ya mlinzi wa usiku ambaye kama wewe hawezi kuacha simu ilie. Shida ilikuwa ileile ya kuja na kuondoka. Kwenye kipimo ilitetemeka kinyonge, nilipobonyeza mgongo kwa chini ikapanda, kwahiyo nikajua kuna mgusano. Nilipofungua nikakuta skrubu mbili za chini hazipo, simu ilikuwa imeshafunguliwa kubadilishwa mfuniko, na vidoa vya mota vimepiga weusi. Nikasafisha vidoa kwa spiriti ile ya kusafishia bodi na kifutio kigumu, nikainua vile vijisprini kidogo sana kwa ncha ya sindano, kidogo maana ukivizidisha vinakatika na hapo umejitengenezea kazi nyingine, nikarudisha skrubu zote. Ikatetemeka vizuri. Wengine wangeishia hapo wamrudishie mwenyewe simu yake. Nikaendelea kuanzisha na kuzima, baada ya mara kadhaa ikagoma, nikaigonga ikaamka.

Nikarudi ndani nikaitoa mota nikaiwekea mita kwenye ohm. Mota ya namna hii ikiwa nzima mara nyingi inasoma kati ya ohm 10 na 50, ile ilisoma ohm 28 hivi, inaonekana nzima kabisa. Ila nikaigonga kidole mita ikiwa bado imeshika, ikasoma kama waya umekatika. Nikagonga tena ikarudi 28. Hapo ushahidi umekamilika, kipande kimoja ndani kimekufa. Fundi anayepima mara moja akaona 28 atasema mota nzima kwahiyo ni bodi, na kwa hesabu yake hajakosea, amekosea tu kutoigonga. Nadhani ndo njia ambayo watu wengi wanafikia jibu la bodi. Mlinzi akawekewa mota nyingine na zile skrubu, mambo yakaisha.

Kwahiyo ukienda kwa fundi, wa hapo au mwingine, muombe afanye haya mbele yako. Atoe mota aipime ohm huku anaigonga. Kisha aipe umeme wa volti 3 kutoka nje, betri mbili ndogo za rimoti zikiungwa mfululizo zinatosha, kwa sekunde mbili tatu tu. Mota ya kuzunguka ikiwa nzima itaruka mkononi mwake. Akigeuza chanya na hasi haina neno, itazunguka upande wa pili tu. Asiipe volti 5 ya chaja, na asiipe umeme ikiwa bado imeungwa kwenye bodi, maana umeme utarudi kwenye bodi na hapo mtapata kweli bodi mbovu. Ikizunguka vizuri nje, arudi kwenye simu, awashe kipimo cha VIBRATION, apime volti pale vidoa vya mota vilipo. Kukiwa na karibu volti 3 pale basi bodi inatoa, shida ni sprini. Kukiwa hakuna kitu, anafuata ile fleksi inayounga bodi ndogo na bodi kubwa, aibandue na kuibana tena, ajaribu nyingine. Fleksi ikiwa mbovu huwa haileti shida moja, mara nyingi na maiki au chaji navyo vinasumbua, kwahiyo kama watu wanakusikia vizuri ukiongea na chaji inaingia freshi, uwezekano wake unapungua. Ikiwa fleksi nzima, mota nzima, na bado bodi kubwa haitoi umeme, hapo ndo maneno ya bodi yanaanza, na hata hivyo bodi nzima haibadilishwi kwa ajili ya mtetemo, ni kazi ya fundi wa bodi kutafuta kile kipande kinachoendesha mota. Kama gharama yake inakaribia bei ya simu mimi nisingefanya.

Tahadhari moja kwenye kununua mota. Kuna aina nyingine haizunguki, ina kizito kinachopanda na kushuka juu ya sprini, ndo iko kwenye iPhone kuanzia 6s na kwenye simu nyingi za bei ya juu. Baadhi yake ni za duara vilevile, kwa macho zinafanana na zile za kuzunguka, ila zinataka umeme unaobadilika mbele na nyuma kwa kasi yao maalumu. Ukiipa betri inagonga mara moja tik inanyamaza, na fundi asiyejua anasema imekufa akaitupa nzima. Ukipachika moja mahali pa nyingine utapata mtetemo wa hovyo au usipate kabisa. Kwahiyo mota iwe ya modeli yako hasa, namba ya modeli iko Settings, About phone, inaanzia na SM-A. Kama haipatikani Makambako agizia Kariakoo kwa hiyo namba, usikubali "hii inaingiliana". Mota yenyewe ni spea ya bei ndogo, sehemu kubwa utakayolipa ni ufundi wa kufungua na kufunga, kwahiyo mkubaliane kabla hajashika bisibisi. Na kama simu yako ilikuwa na kinga ya maji, ikishafunguliwa mfuniko wa nyuma usiitegemee tena hiyo kinga mpaka iwekewe gundi mpya kuzunguka pembeni yote.

Moja la haraka ukiwa unafungua au unaangalia mgongo wa simu, kama mfuniko wa nyuma umeinuka au simu ikiwekwa mezani inayumba kama imevimba katikati, hiyo ni betri, acha habari ya vaibresheni kwanza. Usiibonyeze mgongo kwenye lile jaribio la dole gumba, usiichaji, ipeleke betri ikabadilishwe. Betri iliyovimba inasukuma mfuniko na kulegeza kila kitu ndani ikiwemo vile vijisprini, wakati mwingine ukibadilisha betri na mtetemo unarudi.

Wakati unasubiri spea wateja wasipotee. Ingia Settings, Accessibility, Advanced settings, Flash notification, washa Camera flash notification. Simu ikipigwa taa ya nyuma inawakawaka. Kwenye mfuko wa aproni hutaiona, kwahiyo isimamishe kwenye rafu mbele ya mizani, mgongo ukiangalia kwako, mbali na pale unga unaporuka. Na hela zihamishe kwenye kibubu, simu ivae kava jembamba gumu. Ukishafanya kile kipimo cha nyota reli niandikie umepata jibu lipi kati ya yale matatu, na kama ulishabadilisha sistimu ya chaji, nitakwambia uanzie wapi.